Vidonge vya Mama Mdogo

Nilimvunja mama mdogo mkono saa mbili asubuhi, baba akiwa kalala sakafuni anavuja damu. Nalisema mapema ili msianze kunihurumia.

Mimi ni mchinjaji. Machinjioni wananiita Shoka, na kazi hiyo nimeirithi kwa baba, aliyeifanya miaka arobaini hadi pumzi zilipoanza kumpungukia. Mama yetu alipofariki, baba alioa mke mwingine, huyu tunayemwita mama mdogo: fundi cherehani, mpole, mwenye maneno ya kuhesabu. Sikumpenda. Sikuwa na sababu, na chuki isiyo na sababu haikosi pa kujishikiza.

Miaka miwili baba alikuwa anazama mbele ya macho yetu. Miguu ilivimba hadi viatu vikamkataa. Usiku alilala ameketi, mito mitatu mgongoni, akihema kama aliyepanda mlima. Zahanati ya mtaani walisema ni presha, imeunenepesha moyo, wakampa vidonge. Vilipozidi, naye alizidi kuanguka. Akisimama tu, macho yanapinduka, chini puu! Na vidonge vyote alivipokea kwenye kiganja cha mama mdogo.

Asubuhi ile nilifika nikitoka zamu, aproni bado ina damu. Nikamwona mama mdogo akimpa vidonge viwili na glasi ya maji. Baba akameza. Nusu saa baadaye akainuka kwenda uani, akapiga hatua tatu, akaanguka. Paji la uso likapasuka kwenye ncha ya ngazi ya saruji.

"Umemuua!" nikapiga kelele.

"Mwanangu, nisikilize, hivi vidonge ndivyo..."

Sikusikiliza. Nilimkamata mkono wa kulia, ule anaoshikia mkasi, nikaupinda kama ninavyopinda kwato. Ulilia kama ukuni mkavu. Akaanguka juu ya cherehani, nikamfuata na ngumi, moja, mbili, meno yakanichana vidole. Baba, damu ikimwingia machoni, alijikokota kwa viwiko kuja kunishika mguu. Hakuwa na nguvu ya kunizuia. Alinishika tu, kama mtoto anayeng'ang'ania asiachwe.

Majirani waliingia na chochote kilichokuwa karibu. Nilipigwa na mchi, nikapigwa na kiti. Nilistahili vyote.

Gari moja lilitubeba watatu hadi hospitali kubwa: baba kwenye machela, mama mdogo kashika mkono wake kifuani, mimi kati ya majirani wawili. Polisi waliitwa. Kwenye chumba cha dharura nilimwona tena mama mdogo ameketi, nikamrukia. Nikapindua toroli la vifaa, walinzi wakanilaza sakafuni, goti shingoni.

"Kaa hivyo hivyo," akasema mama mmoja mfupi mwenye miwani. "Mimi ndiye daktari wa moyo. Baba yako namhitaji hai, na wewe nakuhitaji unijibu maswali. Ukinipigia kelele, nitakujibu kwa kelele."

Polisi wakanifunga pingu kwenye mguu wa kitanda cha baba. Daktari alimpaka mafuta baridi kifuani, akapitisha kifaa, na moyo wa baba ukatokea kwenye kioo. Nimeshika mioyo ya ng'ombe isiyohesabika. Sikuwahi kuuona moyo ukifanya kazi kwa taabu namna ile. Kuta zilikuwa nene, nafasi ya damu ndogo, na hazikulegea kuipokea.

"Presha hiyo," nikasema kwa ujuaji wangu.

"Ningekubali," akajibu, "ila tazama." Akanionyesha karatasi ya umeme wa moyo. "Kuta zikinenepa kwa presha, mawimbi haya kwa kawaida huwa marefu. Ya mzee ni mafupi. Misuli haikuongezeka. Kuna kitu kimejipenyeza ndani yake." Akageukia mikono ya baba, akaigeuza viganja juu. Kwenye vifundo vyote viwili palikuwa na makovu. "Mzee, hapa ulipasuliwa lini?"

"Miaka tisa iliyopita," baba akasema kwa shida. "Ganzi. Mishipa ilibanwa. Nikadhani ni kisu cha kazi."

"Na huu msuli wa mkono wa juu, uliojikunja kama yai?"

"Ulikatika wenyewe. Nilikuwa nafungua dirisha tu."

Daktari akayaandika yote mawili. Kisha akaita, "Mama, umesema unavyo vidonge. Vilete."

Mama mdogo akaja, mkono wa kulia umefungwa bandeji hadi shingoni, midomo imevimba. Kwa mkono wa kushoto akatoa mfuko wa vidonge na daftari la kushonea, lile la vipimo vya wateja. Kurasa za nyuma alikuwa ameandika: tarehe, saa ya vidonge, saa ya kuanguka.

"Niliwapelekea zahanati mara mbili," akasema, maneno yakipita kwa tabu kwenye mdomo. "Niliwaambia vinamwangusha. Wakaniambia mimi ni fundi nguo, nisiache dawa. Nikaogopa kuacha."

"Ulikuwa sahihi kuuliza," daktari akasema. "Moyo mgumu kama huu haujazi damu vizuri. Ukiushushia presha kwa vidonge hivi, mtu anaanguka."

Nikaanza kujipiga kichwa kwenye chuma cha kitanda hadi polisi akanivuta nywele.

Vipimo vilichukua siku. Kwanza damu na mkojo, kuhakikisha si ule ugonjwa wa protini kujaa moyoni unaotokana na uboho. Vikatoka safi. Kisha baba akachomwa sindano ya dawa yenye mnururisho, miale ambayo mashine huiona, na baada ya saa kadhaa akapigwa picha. Mimi nilikuwa mahabusu, dada yangu ndiye aliyenisimulia: moyo uliwaka kwenye picha kuliko mbavu zenyewe. Ini hutengeneza protini ya kubeba vitamini na homoni kwenye damu. Kwa baba protini ile ilikuwa inavunjika, inajikunja vibaya, na kuganda kwenye moyo kama nyuzi. Miaka tisa kabla ilikwisha kuanza kujionyesha mikononi. Hakuna aliyeuliza.

Vile vidonge vilisimamishwa. Akapewa dawa ya kutoa maji kwa kipimo cha uangalifu, na baadaye dawa inayoishikilia protini isivunjike. Daktari hakumdanganya: kilichokwisha kuganda hakitoki, ila mwendo wa ugonjwa hupungua.

Mahakamani nilikiri. Hakimu akamuuliza mama mdogo kama ana la kusema. Akainua mkono wake, ambao haujanyooka sawa mpaka leo, akasema, "Huu ndio ulionilisha. Siwezi kusema nimesamehe." Nikafungwa mwaka mmoja.

Baba alikuja kuniona mara moja. Alitembea mwenyewe kutoka getini, polepole. Nikainama kumshika miguu, akanizaba kofi lililonitoa machozi.

"Hilo ni langu," akasema. "La mke wangu bado unadaiwa."

Kisha akaketi, akapumzika, akanieleza kwamba kipimo cha vinasaba kimeonyesha ugonjwa wake ni wa kurithi. Kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kuubeba. Kuubeba si lazima kuugua, ila ni lazima kuangaliwa. Dada alikwishapimwa, hana. Mama mdogo ndiye aliyesisitiza nami nipimwe.

"Kwa nini?" nikauliza.

"Muulize mwenyewe, ukiwa na uso wa kumtazama."

Daktari wa gereza alinitoa damu wiki ile. Majibu yalikuja: ninao. Nilikaa kitandani nikifinya vidole vyangu kimoja kimoja, vile vilivyovunja mkono wa mama mdogo, nikisikiliza kama vina ganzi. Kisha nikaomba karatasi, nikaanza kumwandikia. Nilichana nne kabla ya kuandika "Shikamoo, Mama".