Kurasa Kumi na Saba za Bomba Letu

Uligeuza uso. Usikatae, nilikuona. Dada yangu Bulandina alikuwa anapanda kutoka mtoni na jerikeni la lita ishirini, akisimama kila baada ya hatua kumi kwa ajili ya nyonga yake mbovu, na wewe ghafla ukaanza kuangalia simu. Simu yenyewe haikuwa na chaji. Sikusemi peke yako. Tuko kaya themanini na nne hapa juu ya Bwera, wote tunakunywa maji ya mto ule, na wote tumekuwa hodari wa kutazama upande wa Kongo kana kwamba bomba litavuka mpaka kuja kututafuta.

Mimi sikutazama upande. Mimi niliandika. Niliandika kurasa kumi na saba.

Mimi ni Zedekia, katibu wa kikundi cha maji. Shule niliiachia darasa la sita. Yaliyobaki nilijifunza kwenye magazeti ya kufungia sukari. Sisahau kitu. Nawajua wote waliotuahidi maji, mwaka walioahidi na koti walilovaa siku hiyo. Basi shirika moja dogo la Kasese liliposema linapokea maombi ya mradi, mwisho shilingi milioni kumi na tano, nilimwaga kila kitu. Jumatano nikampelekea ofisa wao, binti anayeitwa Sylivia.

Alilipima andiko langu kwa mkono, kama mtu anayenunua nyama.

"Mzee Zedekia, hii nitaisoma nikistaafu."

"Iko ukweli mtupu, mama."

"Sikatai. Lakini kamati inakaa Ijumaa saa sita mchana, na wana maandiko arobaini mezani. Nataka ukurasa mmoja. Shida, halafu njia ya kuitatua, halafu bajeti. Kwa mpangilio huo. Ukizidi ukurasa, unarudi nyumbani, na dirisha linafungwa mpaka mwaka kesho."

Mwaka kesho! Nilimfikiria Bulandina na ile nyonga. Daktari alishamwambia aache kubeba mizigo, naye alimuuliza daktari kama anakuja kumbebea.

Alhamisi asubuhi nikaenda kwa Amoding. Huyu ni mke wa sajini, mtu wa kabila la Wateso aliyezunguka kambi nyingi na mumewe mpaka akafungua duka la kuchapa pale Bwera, karibu na soko. Watu wanamwita Afande kuliko wanavyomwita mume wake.

"Afande," nikamwambia, "punguza maandishi. Fanya yawe madogo, yaingie yote ukurasa mmoja."

Akapunguza. Akapunguza tena. Akafuta nafasi za pembeni. Akachapa karatasi moja, akanipa. Ilikuwa nyeusi kama sufuria.

"Soma," akasema.

"Sijaja na miwani."

"Hata ungekuja na darubini. Na bado ni kurasa tano tu zimeingia hapo. Mzee, unataka kumdanganya nani? Kaa chini!"

Nikakaa. Kwa Amoding, ukiambiwa kaa unakaa.

Akachukua makasi na nakala nyingine ya andiko langu, akaanza kukata. Akatenga nafasi tatu kwenye benchi. "Hapa shida. Hapa kazi tutakayofanya. Hapa pesa. Sentensi isiyojua inakaa wapi, inaingia kwenye beseni la taka."

Ukurasa wa kwanza ulikuwa salamu. Nilikuwa nimemsalimia mwenyekiti wa kijiji, diwani, maaskofu wawili, shehe, mkuu wa kituo cha polisi na wageni waalikwa wote kwa vyeo vyao. Huku kwetu hata ukiomba kiberiti hadharani unaanza na itifaki.

"Hawa wote wana shida ya maji?" akauliza Amoding.

"Hapana. Ni heshima."

"Heshima, beseni."

Ukurasa wa pili ulikuwa bajeti. Niliiweka mbele ili waijue bei mapema.

"Kumbe unamwambia mtu bei kabla hajajua unauza nini," akasema. "Mumeo angekuwa mimi ningekukimbia."

"Unataka kusema mkeo."

"Wewe umeelewa."

Nilipigania ukurasa wa tatu hadi wa nane. Hiyo ilikuwa historia, na ile si historia ya kutupa. Kila ahadi ilikuwa mle, na koti lake. Amoding alikuwa anakata huku anacheka, vipande vinadondoka kwenye beseni, nami naviokota navirudisha kwenye nafasi ya shida. Akapiga mkono wangu kwa rula.

"Mzee, mambo ya koti la kijani ni shida ya nani?"

"Ni ushahidi!"

"Ushahidi wa kitu gani? Sema kwa sentensi moja. Moja tu. Ukiweza, naiacha."

Sijazoea sentensi moja. Nikahesabu kwa vidole, maana hasira ilikuwa inanichanganya. "Bomba tulijengewa mwaka elfu mbili na nne. Likakatika. Wakajenga elfu mbili kumi na tatu. Likakatika. Wakajenga ishirini ishirini. Likakatika. Kila mara wanapiga picha, wanaondoka."

"Lilikatika wapi?"

"Palepale. Pale korongoni, chini kidogo ya chanzo cha maji. Udongo unaporomoka kila mvua kubwa."

Amoding akaacha makasi. "Mara tatu, mahali pamoja?"

"Mahali pamoja."

"Na wewe unaomba nini sasa?"

Tukaangalia nafasi ya kazi pale kwenye benchi. Kazi niliyoandika ni kulaza mita mia sita za bomba la plastiki, kwa njia ileile ya zamani, kupitia korongo lilelile.

Nikaokota kipande cha historia, nikakiweka kando ya kipande cha bomba. Nimebeba ile miaka mitatu kichwani kama mashtaka dhidi ya watu wengine. Sikuwahi kuiweka karibu na bomba langu mwenyewe. Baina ya miaka hiyo na bomba kulikuwa na kurasa sita za makoti.

"Sasa pesa," akasema Amoding, polepole kidogo, maana aliniona. "Tunaanzia mwisho tunarudi nyuma. Kila pesa itafute kazi yake. Kila kazi itafute shida yake. Bomba la plastiki, milioni tano na laki nne: kazi ipo, ila ni mbovu. Mafundi, milioni mbili na laki mbili: sawa. Usafiri, milioni moja na laki nne: mnasafiri kwenda Kampala?" Akachukua kipande kingine. "Semina ya uhamasishaji, milioni nne na laki mbili. Semina ya nini?"

"Hiyo ni ya mwenyekiti wetu, Maate."

"Shida yake iko wapi hapa kwenye benchi?"

Haikuwepo. Wala hema, viti na soda za siku ya ufunguzi, milioni moja na laki nane, havikuwa na shida. Milioni sita nzima zilikuwa zimesimama hapo bila mzazi.

Tukampigia Faruku, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kasese. Akasema bomba la chuma la mita sita ni laki mbili na sitini elfu. Ng'ambo ya korongo kuna mwamba. Bomba likipinda kupitia juu ya mwamba, likashikwa kwa nguzo za saruji, maporomoko yanapita chini yake. Mita mia moja na ishirini zinatosha, vipande ishirini. Milioni tano na laki mbili. Semina na soda zikawa chuma.

Ijumaa saa tatu asubuhi ukurasa ulikuwa tayari, na nafasi za pembeni kama za watu wenye akili. Shida ilikuwa mistari sita: kaya themanini na nne zinakunywa maji ya mto, bomba limejengwa mara tatu, mwaka 2004, 2013 na 2020, na mara zote limekatika kwenye korongo moja. Njia: kulihamisha lipite juu ya mwamba kwa chuma, kisha mita mia nne na themanini za plastiki hadi kwenye magati ya kuchotea maji, mtaro tunachimba wenyewe. Bajeti: chuma, plastiki, saruji na vishikizo, mafundi, usafirishaji. Mistari mitano, jumla milioni kumi na tano, kila mmoja ukiwa na kazi yake hapo juu.

Ilibaki sahihi ya Maate. Alikuja saa nne na nusu, na kalamu mbili mfukoni. Dada yangu alikuwa amekaa kwenye ngazi ya duka, anapumzisha mguu, jerikeni pembeni yake.

Maate alizaliwa ng'ambo ya mpaka, na ulimi wake ulibaki huko. "Karatasi ingine iko wapi?" akauliza.

"Ndiyo hiyo tu, Mzee," akasema Amoding.

Akasoma. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kusoma andiko letu lote. Lile la kurasa kumi na saba alilisifu bila kulifungua. Akafika chini. Akageuza karatasi, akatazama mgongoni.

"Semina haiko."

"Haikuwa na shida yake," nikasema.

"Batu beko na njaa ya elimu!"

"Ya elimu au ya posho?" akauliza Amoding.

"Posho ni kitu kidogo, madame. Mutu anaacha shamba lake, anakuja, anakaa pale siku tatu..."

"Mwenyekiti," akasema Bulandina kutoka kwenye ngazi, bila kugeuka, "kwenye hiyo semina tutafundishwa nini? Kwamba maji ni mazuri?"

Maate akatazama jerikeni.

"Kama kuna asiyejua," dada akaendelea, "anibebee hili jerikeni mpaka nyumbani. Atakuwa amehitimu."

Amoding aliinamia mashine yake, mabega yanatikisika. Maate akautazama mstari wa chuma, akautazama ule wa miaka mitatu. Naye alikuwepo miaka yote mitatu. Ya 2013 alipigwa picha ameshika bomba lenyewe.

"Na soda nayo hakuna?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Nitakununulia moja mwenyewe," nikasema.

Akatia sahihi. Karatasi ikatumwa saa tano na dakika ishirini.

Sylivia alipiga simu jioni. Kamati imetuweka kwenye vikundi saba vitakavyotembelewa. Bado si pesa, alisisitiza mara mbili, akijua mdomo wangu. Jumatano mhandisi wao anapanda kukagua mwamba na njia ya bomba, na ameuliza jambo moja tu kwenye ukurasa wetu: ule mstari wa mtaro kuchimbwa na jamii. Akikuta hakuna aliyechimba, anakwenda kijiji kinachofuata kwenye orodha.

Mita mia nne na themanini kwa kaya themanini na nne hazifiki mita sita kila kaya. Nimepiga vigingi leo, tangu mwamba hadi gati la mwisho, na kila kigingi kina jina. Chako ni cha thelathini na moja, baada ya mgomba wa Maate, ambaye tayari yuko mtaroni anachimba na kulalamika. Kina cha mtaro ni mpaka gotini. Najua mgongo unakuuma, najua una mgeni, najua ulikuwa unakuja kesho. Weka chini unachosoma. Chukua jembe, panda sasa hivi.