Nilichomuuliza Valentine Alipoondoka

Valentine alikuwa wa tatu kuacha kazi mwaka huo katika duka letu la jumla mjini Kisii. Mimi ndiye ninayeshughulikia wafanyakazi, na mwenye duka, Dinesh, alitaka kujua wanakimbia nini.

Katika masomo yangu ya jioni tulifundishwa kumpa anayeondoka cheti chake cha utumishi kabla ya kumhoji, asije akaogopa kwamba majibu yatamponza. Nikamkabidhi Valentine cheti, nikafunga mlango, tukaomba, ndipo nikauliza.

"Ni jambo gani lilikufanya uanze kutafuta kazi kwingine?"

"Kazi niliyopata Masimba iko karibu na nyumbani, madam."

"Kuna jambo ulitaka kulisema ukiwa hapa ukashindwa?"

"Chai ya saa nne ni maji ya moto tu. Hilo liandike kwa herufi kubwa."

Tulicheka.

"Ungemshauri dada yako aje kufanya kazi hapa?"

Aliacha kucheka. "Dada yangu ana kazi."

Nilimshuku Okemwa, msimamizi wa stoo, kwa mdomo wake mchafu. Baada ya wiki mbili nikamtumia Valentine ujumbe:

"Habari za Masimba? Pengine siku ile ilikuwa vigumu kusema yote. Ukipenda, niambie: tungefanya nini ili ubaki? Tukiulizwa sifa zako, jibu lako halitabadilisha tutakachosema. Kama mimi si mtu wa kuambiwa, mwandikie Trisha, binti ya Dinesh. Namba yake ni hii. Usipotaka kujibu, ni sawa pia."

Ijumaa Trisha akaniita ofisini kwake.

"Keti, auntie Gesare."

"Ni Okemwa, sivyo?"

"Si Okemwa. Valentine ameniandikia, na amekubali nikusomee wewe peke yako."

Akasoma: "Nilimwambia madam kwamba mimba yangu imetoka. Sikumwambia mtu mwingine. Kesho yake, kwenye maombi ya asubuhi, akaniombea kwa jina mbele ya watu wote. Najua ananipenda. Lakini tangu siku hiyo kila mtu alinitazama tumbo. Singeweza kukaa."

Nilikumbuka ombi lile. Nililia nikiliomba, na nililiona zuri.

"Na wale wawili walioondoka kabla yake?" Trisha akauliza.

"Roselyne nilimwombea ndoa yake," nikasema. Wa pili nilishindwa kumtaja.

Nilimwomba Trisha awe anawahoji yeye wanaoondoka. Jumatatu asubuhi wafanyakazi walipokusanyika, nilitamani kutubu mbele yao. Lakini neno lolote ambalo ningesema lingefungua tena habari ya Valentine. Nikamwambia Abner, mmoja wa wauzaji, aongoze maombi, nami nikasimama nyuma, karibu na mlango.

Kisha nikamwandikia Valentine: "Nimesomewa. Ni mimi niliyekosa. Nisamehe."

Ameusoma ujumbe. Hajajibu.