Nukta Iliyopotea Kwenye Dozi

Mulki aliandika neno "adrenalini" kwenye kisanduku cha kutafutia cha faili ya masomo, na simu ikamletea mstari wenyewe papo hapo: mzio mkali, mtu mzima, miligramu 5, sindano ya msuli wa paja.

Mhadhiri alisema nusu miligramu. Alikumbuka vizuri.

Mtihani wa chuo cha uuguzi ulikuwa kesho kutwa. Yeye ndiye aliyepiga picha kurasa hamsini za daftari lake na kumtumia Kerrow, ambaye programu ya simu yake ilisoma mwandiko na kuugeuza maandishi ya kuchapa. Faili ilikuwa imeenea kwa darasa zima. Muhula uliopita Mulki alikuwa wa kwanza, Kerrow wa pili, nyuma yake kwa alama mbili tu.

"Ameibadilisha," alijiambia. Mbona alikubali haraka vile kufanya kazi ya bure?

Alisahihisha nakala yake, akanyamaza. Mchana kutwa alimchunguza Kerrow darasani, na kila Kerrow alipocheka, Mulki aliona anachekwa yeye.

Jioni, Kaltuma, mwenzake wa chumbani aliyetoka Wajir, alikuwa akikariri kwa sauti. "Adrenalini, miligramu tano…"

"Nusu!" Mulki alimkatiza.

"Faili inasema tano. Ulijua, ukaniacha nikariri kosa?"

Wiki ijayo walikuwa wanaanza zamu wodini, ambako dozi mara kumi ingeweza kuua mtu. Mulki aliinuka, akamfuata Kerrow maktabani.

"Kwa nini ulibadilisha dozi?"

Kerrow alikunja uso. "Dozi gani, abaayo?" aliuliza, akimwita dada kwa Kisomali.

Alipoonyeshwa, hakujitetea. Alifungua picha ya ukurasa ule, akaikuza mpaka herufi zikawa kubwa kama vidole. Mulki alikuwa ameandika ".5", bila sifuri mbele, na nukta yenyewe ilikuwa imekaa juu ya mstari wa daftari, penye kivuli cha mkono wake. Programu iliona tano peke yake.

"Na hukuhakiki?"

"Nilihakiki maneno. Nambari nilizipita." Aliinamisha kichwa. "Wallahi, mimi pia nimekariri tano."

Mulki alimtazama machoni, asipate dalili ya uongo aliyokuwa akiitafuta. Huenda ni kweli. Mwandiko ulikuwa wa Mulki mwenyewe.

Alituma ujumbe kwa kundi la darasa: dozi ya adrenalini si sahihi, acheni faili hiyo, mpya inakuja. Halafu akavuta kiti. Alisoma nambari kutoka daftarini, moja moja, Kerrow akizilinganisha na faili na kuongeza sifuri pale ilipokosekana. Walipata makosa mengine manne.

Kila Kerrow aliposema "sawa", Mulki aliinama kuangalia kioo cha simu mwenyewe.

"Bado huniamini?"

"Soma inayofuata," alisema Mulki.