Saa Nne ya Mvua

Wilfried ndiye aliyeinua mkono, daftari lake la zamani wazi mbele yake. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikuwa wakinakili kilichoonekana ukutani, na Inamahoro, aliye mwaka wa tatu, alikuwa amesimama kando ya kompyuta akimbonyezea mwalimu slaidi moja baada ya nyingine.

"Mwalimu, mu kaye yangu iko matone makumi munane na tatu. Pale iko makumi ine na mbili."

"We Wilfried, siku ile ulikuwa unalala!" mmoja akamrushia, na darasa likacheka.

Inamahoro hakucheka.

Slaidi zile zilikuwa kazi yake. Mwalimu Néhémie, anayefundisha uuguzi hapa Baraka, alikuwa amerekodi kwa simu somo la serumu, maji ya kuingizwa mshipani, siku alipowafundisha hawa wa mwaka wa kwanza; simu ikaigeuza sauti kuwa maandishi, naye akampa Inamahoro vyote viwili. "Unipangie vizuri, Inamahoro. Ikitoka muzuri, utakuwa unanisaidia kufundisha hawa badogo." Tangu hapo alitembea shuleni kama mtu aliyevaa nguo mpya.

Maandishi yalikuwa vurugu tupu. Kifaransa cha mwalimu simu ilikiandika vizuri, lakini Kiswahili chake ilikibomoa. Alilazimika kusikiliza upya na kusahihisha. Alitoa mizaha, akatoa yaliyorudiwa. Akagawa somo sehemu nne: sababu za kuweka serumu, vifaa, hesabu ya matone, kumchunga mgonjwa. Kila sehemu ilianza na maneno yake ya muhimu, kila neno na maana yake fupi. Mpira wa serumu: matone ishirini ni mililita moja. Kasi: matone yanayoshuka kwa dakika moja. Hesabu: mililita mara ishirini, gawanya kwa dakika.

Alipofika kwenye mfano wa kufanya pamoja, mvua ikaanza kupiga mabati ndani ya simu. "Serumu ya mililita mia tano," mwalimu alisema, kisha kelele tupu, kisha "…saa ine," kisha kelele tena. Jibu lenyewe lilizama. Simu nayo ilikuwa imeandika upuuzi.

Angeweza kumwuliza mwalimu. Angeweza kuwauliza waliokuwa darasani. Lakini mtu wa mwaka wa tatu awaendee wa mwaka wa kwanza kuuliza hesabu ya matone? Akajaza mwenyewe: masaa manne, dakika mia mbili na arobaini. Elfu kumi gawanya kwa hizo, arobaini na mbili. Akaipamba kwa rangi ya kijani.

"Miye pia niko na makumi munane na tatu," Rosette akasema kutoka nyuma. "Mwalimu alisema tunaanza saa mbili ya asubuhi, iishe saa ine."

Saa nne ya kwenye saa ya ukutani, si masaa manne. Kati ya saa mbili na saa nne ni dakika mia na ishirini tu. Kwa matone ya Inamahoro, serumu ile ingeisha saa sita; kufika saa nne mgonjwa angekuwa amepata nusu tu ya kilichotakiwa.

Mwalimu Néhémie akasogea ukutani, akausoma mfano ule. "Basi ni miye nilisema mubaya," akasema. "Mwalimu naye anachoka. Mukate hiyo, muandike makumi munane na tatu."

Kalamu zikainama. Hapo ndipo aibu ilipomshika Inamahoro kweli, kwa sababu mtu mzima alikuwa amejipaka tope lake yeye.

"Hapana, mwalimu." Sauti ilitoka ndogo sana, ikabidi airudie. "Hapana. Haukusema mubaya. Mvua ilifunika, miye nikajaza ya kichwa yangu."

"Sahihisha," mwalimu akasema. Inamahoro akasahihisha mbele ya wote. Somo lilipokwisha alizima kompyuta, akawa wa mwisho kutoka, akijua kazi ya kumsaidia mwalimu imekwisha.

Mwalimu alikuwa akimngoja mlangoni. Akamnyooshea simu. "Iko somo ingine humu. Fasi yenye sauti haisikike, andika *haisikike*. Halafu uulize. Unasikia?"

"Ndiyo, mwalimu."

Katika somo hilo jipya, mahali pamoja pikipiki ilipita na neno likapotea. Inamahoro akaandika *haisikike*, kwa rangi nyekundu, kisha akatoka uani walipokuwa wamekaa wa mwaka wa kwanza. Masikio yake yaliwaka moto kabla hajafungua mdomo.

"Wilfried, hapa mwalimu alisema nini?"

Wilfried akamtazama, akatabasamu hadi meno ya mwisho. "Yaya!" akamwita, kama ndugu yake mkubwa. "Kumbe na bakubwa banauliza?"

"Banauliza," akasema Inamahoro, macho chini, na akasimama pale pale kungoja jibu.