Samansi ya Pili

Nilimpa Faadumo, mwenye duka la vitambaa ninakouza hapa Maua, barua ya kuomba ruhusa. Niliiambatisha na samansi ya korti, kwa sababu nilimwona jirani yangu Gitobu akimkata mkewe, Gatakaa, kwa panga.

"Siku ya soko, Kinya!" alilalamika. "Na huyo mama atamsamehe tu."

"Mkono ulishonwa nikiuona!" nilifoka. Akanipa ruhusa.

Kortini sikuulizwa hata jina. Gatakaa alimwambia hakimu kwamba wazee wameshakaa nyumbani kuwapatanisha, kondoo amechinjwa, na anaomba kesi iondolewe. Hakimu akamuuliza kama amelazimishwa. Alisema hapana, macho yakiwa chini. Kesi ikaondolewa. Gitobu alinisalimia mlangoni kama jirani mwema, nikatamani kumtemea mate.

Mwaka haujaisha, na jana askari aliniletea samansi nyingine ya kesi ya Gitobu, ya Mahakama Kuu, Meru. Nikaandika barua tena. Faadumo aliisoma, akaikunja polepole. Hakuitaja siku ya soko.

"Nenda," alisema. "Safari hii hakuna wa kumsamehe."