Ngazi ya Kaka

Ngo, ngo, ngo. Kwenye spika ya dada aliyetengeneza miendo ya wahusika wa michezo, viatu vya marehemu kaka yake vilikuwa vikipanda ngazi ya chuma. Kwenye skrini, askari wa mchezo wa kompyuta alipanda kwa mwendo huohuo, ambao dada aliurekodi kaka akiwa hai. Lakini mikono ilishika hewa na miguu ilikanyaga patupu.

"Shoga, huyu anapanda au anaogelea?" mjenzi wa kuta za mchezo alitania, kisha akakumbuka mwendo ule ni wa nani, akauma ulimi.

Dada akapima ngazi kwenye skrini. Vipago vya mjenzi, yaani vidaraja vya ngazi, viliachana sentimita thelathini. Vya ngazi halisi aliyopanda kaka, thelathini na tano. Bosi wao alitaka mwendo wa kaka ubadilishwe kwa mwingine kabla ya jioni.

"Nikiilazimisha mikono ifuate vipago vyako, hatua zake zitafupika. Hatakuwa yeye," dada alimwambia mjenzi.

Mjenzi akaviachanisha vipago hadi thelathini na tano, akainua ukuta hadi ukingo ukafika pale mkono wa askari uliponyooka mara ya mwisho. Ngo, ngo. Kiganja kikatua ukingoni, mwili ukafuata.

"Mama atataka kumwona," dada alisema kwa sauti kavu.

"Mlete kesho, dada yangu. Nakuahidi, ngazi hii haiguswi na mtu."