Magego ya Aikande

Je, umewahi kumwona mtu mzima akikatazwa kusema ukweli, tena na mtu yuleyule anayeutafuta ukweli huo? Basi mtazame Mama Gidioni wa Masama, Alhamisi ile alipokaa kwenye kiti cha plastiki katika kliniki ya meno mjini Moshi, mkoba magotini, maneno yamemjaa kinywani kama mtori wa ndizi wa moto. Kumeza hawezi, kutema hawezi.

Alikuwa amemleta mjukuu wake, Aikande, binti wa mwanawe Gidioni. Mtoto huyo ni somo wake. Kwa Wachaga binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, na Mama Gidioni mwenyewe alibatizwa Aikande, ingawa jina hilo siku hizi halitumiki ila na wazee wenzake kanisani. Mtoto alikuwa mrefu kama mgomba uliotiwa samadi, miguu tangu mabegani, na miguu hiyo ndiyo iliyowaleta mjini. Wiki iliyopita, katika mbio za mita mia nane, aliwaacha wenzake mbali hata aliyeshika nafasi ya pili akadhani mbio zimekwisha zamani. Akachaguliwa timu ya mkoa, mbio za watoto ambao hawajatimiza miaka kumi na mitatu. Basi la timu lingeondoka Ijumaa, saa mbili asubuhi.

Kilichobaki ni kuthibitisha umri. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Cheti cha kuzaliwa hakikuwepo. Calvin, kijana wa mwisho wa Mama Gidioni, akaambiwa apeleke kadi ya ubatizo shuleni. Akafungua sanduku mbiombio, akaona kadi imeandikwa Aikande Gidioni, akaichukua, akapanda bodaboda. Hakusoma mwaka. Aliyesoma mwaka ni Mwalimu Shedrack, mratibu wa michezo, mtu mwenye filimbi shingoni hata siku asizokuwa uwanjani.

"Mama, kadi inasema Machi elfu mbili kumi na moja," alisema. "Sasa ni Juni elfu mbili ishirini na tano. Huyu ana miaka kumi na minne na ziada!"

"Kadi si yake, mwalimu."

"Jina ni lake, baba ni wake, kadi si yake? Ya nani basi?"

Mama Gidioni akaanza kukunja upya ncha ya kitenge chake.

Alijua vizuri kadi ni ya nani. Ilikuwa ya Aikande wa kwanza, aliyefariki kwa homa ya mapafu akiwa na miezi tisa, akazikwa kihambani nyuma ya nyumba, kati ya migomba na mibuni. Miaka miwili baadaye, Januari, akazaliwa mwingine wa kike. Kwa kuwa sasa yeye ndiye binti mkubwa, jina likarudi mahali pake. Kadi ya huyu wa pili ililiwa na mchwa. Ile ya marehemu, kwa namna ya ajabu, mchwa waliiacha. Na Grace, mama wa watoto, alimshika mkwewe mkono akamwomba: "Mama, huyu asijue. Asikue akidhani amekalia kiti cha mtu." Mama Gidioni aliahidi. Miaka kumi na moja alikuwa akipita kwenye kale kakaburi na mjukuu wake, wakikata majani ya ng'ombe, na hakusema.

Daftari la ubatizo lingemaliza mzozo bila mtu kufungua mdomo. Lakini lilikuwa kwenye kabati la usharika, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mchungaji, na mchungaji alikuwa semina Lushoto hadi Jumatatu.

"Basi twende kwa daktari wa meno," Mwalimu Shedrack akasema. "Ingawa mimi nimeshamwangalia kinywa. Magego ya nyuma tayari! Na rangi ile ya kahawia, kama mzee aliyekunywa chai ya rangi miaka hamsini!"

Ndiyo maana wakawa pale, kadi ikiwa ndani ya bahasha mkononi mwa mwalimu.

Daktari Flavia alikuwa mwanamke kijana, mzaliwa wa Rombo, mwenye sauti ya chini na mikono myepesi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sikiliza, huyu mtoto amezaliwa—"

"Hapana, mama!" Daktari akainua mkono kama askari wa barabarani. "Usiniambie. Hata darasa lake usiniambie. Nikishajua umri, macho yangu yatautafuta umri huo kwenye meno. Nawe mwalimu, bahasha yako ibaki imefungwa."

"Mie ni bubu," akasema Mwalimu Shedrack.

"Mwalimu bubu sijawahi kumwona," Aikande akasema, na bibi yake akamfinya.

Daktari akamweleza Mama Gidioni kwamba angepiga picha moja ya taya zote, kwamba mionzi yake ni midogo, na kwamba haipigwi mpaka mlezi na mtoto wakubali. Mama Gidioni akaweka saini yake, herufi moja moja. Aikande akasema yeye anakubali hata picha kumi. Akaambiwa moja inatosha.

Kwanza akatazamwa kwa kioo kidogo chenye mpini. Daktari alihesabu kwa sauti, na Mama Gidioni akahesabu naye kimoyomoyo.

"Magego ya pili ya kudumu, ya chini, yametoka. Ya juu yanachungulia."

"Si nilisema!" Bubu akapona palepale. "Magego ya miaka kumi na miwili hayo, kumi na mitatu!"

"Mwalimu, jino kutoka kwenye fizi ni kama mtu kutoka mlangoni. Umemwona nje, lakini hujui kama amemaliza kuvaa. Wasichana wengi wa kwetu huota hayo mapema. Nimewaona wa miaka kumi na moja nayo, hata wa kumi."

"Na rangi?"

Daktari akacheka, akafunua midomo yake. Meno yake ya mbele yalikuwa na mistari ya kahawia. "Ni maji ya kunywa, mwalimu. Maji yenye madini mengi ya floraidi hutia rangi meno yakiwa bado yanaundwa ndani ya taya. Rangi haihesabu miaka."

Akarudi kinywani. "Hapa juu kushoto kuna gego la utoto bado. Linacheza."

Moyo wa Mama Gidioni ukaruka. Jino la utoto! Akapiga makofi mara moja kabla hajajizuia.

"Usishangilie bado, mama. Kuna watu wazima wanabaki na jino la utoto kwa sababu la kulifuata halikuumbwa. Tutaona kwenye picha."

Aikande akavikwa aproni nzito, akauma kijiti, akaambiwa asitikisike. Mtoto aliyezaliwa kukimbia akasimama kama nguzo ya umeme, na mashine ikamzunguka kichwa ikilia taratibu. Halafu taya zake zikatokea kwenye kioo cha kompyuta, meno yote kwa safu, yaliyotoka na yaliyojificha, na Mama Gidioni akasogeza kiti mpaka pua ikakaribia kugusa.

"Jino hujengwa kuanzia juu kwenda chini," daktari akasema. "Kichwa kwanza, kisha mzizi unarefuka, na mwisho kabisa ncha ya mzizi inafunga. Kwa hiyo siulizi jino limetoka au bado. Nauliza limefika wapi katika kujijenga. Natazama meno saba ya chini kushoto, toka katikati hadi gego la pili."

Akashika kalamu. Pembeni alikuwa na karatasi yenye michoro ya hatua nane, kila hatua na herufi yake.

"Ya mbele yamefunga ncha. Gego la kwanza, limefunga. Chonge," akalitazama, akakuza picha, akalitazama tena, "mzizi mrefu, ncha wazi. Haya mawili yanayofuata, mizizi haijafika mwisho. Na gego la pili, lile lililomponza..."

Akaikuza picha. Mwalimu Shedrack naye alikuwa amesimama nyuma yake, filimbi ikining'inia.

"Mzizi umelingana tu na kichwa, na chini uko wazi kama tarumbeta. Mnaona?"

Waliona! Hata asiye daktari aliona. Juu gego zima, limekomaa, la kutafunia mahindi ya kuchoma. Chini miguu mifupi, mipana, haijakanyaga sakafu.

"Na gego la mwisho, lile la ukubwani, lina kofia tu. Mzizi hakuna. Na jino la utoto, tazameni, mrithi wake yuko chini yake, anamsukuma."

Akaandika herufi saba. Akatafuta alama za kila herufi kwenye jedwali la wasichana, akazijumlisha, akageuza jumla kuwa miaka. Akairudia hesabu tangu mwanzo, na Mama Gidioni akaona karne nzima imepita.

"Kumi na moja na miezi kadhaa," akasema. "Lakini jino halina tarehe ya kuzaliwa, mama. Naandika kati ya miaka tisa na nusu na kumi na miwili na nusu. Sasa fungueni bahasha."

Mwalimu Shedrack akatoa kadi. Daktari akaisoma, akatikisa kichwa.

"Miaka kumi na minne na robo? Kwa umri huo ningetegemea chonge limefunga, na gego la pili linakaribia kufunga. Siapi kwa Mungu, lakini taya hii haifanani na kadi hii hata kidogo."

"Anakimbia!" Mama Gidioni akasimama, mkoba ukaanguka. Aikande akaruka, akamkumbatia, aproni bado shingoni.

"Ngojeni, ngojeni." Mwalimu alikuwa amelainika, na furaha ilimtoka machoni, lakini fomu ya mashindano ilikuwa mkononi. "Mimi nimeamini. Waandaaji ndio watauliza. Ripoti inasema hivi, kadi inasema vile. Hapa pana nafasi ya maelezo ya mlezi: kadi ni ya nani? Bila kujaza hapa, watamwondoa. Nisaidie, mama."

Mama Gidioni akatoa simu, akatoka barazani, akampigia Grace, aliyekuwa Himo akiuza ndizi njiapanda. Alimweleza yote kwa haraka, mzizi, tarumbeta, mrithi anayesukuma. Honi za malori zikalia nyuma ya Grace.

"Kwa hiyo meno yanaonyesha ni wa kwetu wa pili," Grace akasema. Sauti ilikuwa imelowa, lakini alikuwa akicheka pia. "Mama, mwambie. Ila mwambie yeye kwanza, kabla ya karatasi. Na akimbie!"

Akarudi ndani. Aikande alikuwa ameshika kadi, akiisoma mbele na nyuma.

"Bibi, huyu mwenye jina langu ni nani?"

Mama Gidioni akaketi, akamvuta akae karibu, magoti kwa magoti. Daktari akapunguza mwanga wa kompyuta, akajifanya kutafuta kalamu. Mwalimu akavua filimbi, akaitia mfukoni.

"Ni dada yako, somo," akasema. "Alikuwa Aikande kabla yako. Tulikaa naye miezi tisa, na alikuwa na meno mawili tu, hapa mbele chini, na kila alipoyaonyesha nyumba nzima ilicheka. Nimetaka kukuambia habari zake tangu siku uliyozaliwa."